Barua ya kumwomba radhi saplaya wa China uliyemcheleweshea hela

"Habari kaka. Nina duka la vyombo Kariakoo, naagiza chupa za chai kiwanda kimoja Yongkang, huu ni mzigo wa nne. Zamani nilikuwa namaliza hela yote kabla mzigo haujatoka, safari hii wakaniamini, nikatoa advansi asilimia 30 na iliyobaki dola 12,880 nilipe siku 45 baada ya tarehe ya BL, ile hati ya meli ya kupokea mzigo. Zimepita siku 26 juu ya hizo. Mzigo nishautoa bandarini, nusu nimewapa wateja wa mikoani kwa mali kauli na hawajaleta kitu. Dada wa mauzo alikuwa ananiandikia WeChat kila siku mi namwambia kesho, kesho, sasa kanyamaza. Nimeandika barua ya kurasa mbili ya kuomba msamaha, nimeeleza ugonjwa wa mama na hali ya biashara. Nina dola 6,000 mkononi. Niitume barua au nisubiri hela itimie? Na kuna katoni 6 mifuniko inavuja, nilisemee humo humo?"

Dada yangu, barua hiyo usiitume leo. Siyo kwamba ni mbaya, nimeisoma uliponitumia na inaonekana kabisa umeandika kwa uchungu, tatizo ni kwamba umemwandikia mtu ambaye hataisoma. Wewe kichwani unaongea na yule dada wa WeChat, mliyezoeana, anayekuita "my friend" na kukutumia vikatuni vya maua. Lakini yeye hana mamlaka ya kukusamehe. Ni mfanyakazi wa mauzo, na viwanda vingi vya kule kamisheni ya mfanyakazi wa mauzo inatoka pale mteja akimaliza kulipa, yaani wewe ukichelewa na yeye kachelewa. Barua yako ataichukua kama ilivyo atampelekea bosi na mtu wa fedha, na hao wawili Kiingereza chao mara nyingi ni cha kubonyeza kitufe cha tafsiri kwenye simu.

Sasa fikiria kurasa mbili za Kiingereza chako cha kujikongoja zinapita kwenye tafsiri ya simu kwenda Kichina. Kule kwenye sentensi yako ya "hali imekuwa ngumu sana ila Mungu akipenda mwezi huu tutamalizana", mtu wa fedha atasoma kwamba mteja hana uhakika kama atalipa. Kwetu "Mungu akipenda" ni adabu, huwezi kuahidi kesho bila kumtaja mwenye kesho, lakini kwa mtu anayetafuta namba ya kuandika kwenye kitabu chake hiyo ni sawa na kusema "labda". Nimeshaona barua nzuri za Kiswahili safi zilizogeuzwa Kiingereza zikafika kule zimekuwa kama mtu anayetafuta njia ya kukimbia. Mtu wa fedha anataka vitu vitatu tu, kiasi gani, tarehe gani, na ushahidi uko wapi. Radhi yenyewe inatosha sentensi mbili.

Na huo ukimya usiudharau. Watu wengi wanadhani saplaya akinyamaza basi kapoa, au kakata tamaa kaamua kusubiri. Mara nyingi maana yake dada wa mauzo ameambiwa aache, faili limehamia kwa bosi. Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wetu wengi hawalijui: viwanda vingi vinavyotoa mzigo kwa mkopo hukata bima ya mauzo ya nje, na China kuna kampuni ya serikali kwa kazi hiyo inaitwa Sinosure, ipo tangu 2001. Kama kiwanda chako kina hiyo bima, kinatakiwa kitoe taarifa mteja akipitiliza muda, kisipotoa kinaweza kunyimwa fidia. Ikishatolewa, jina la kampuni yako linaingia kwenye rekodi ya wadaiwa na kiwanda kingine kabisa, hata cha sufuria au cha vikombe, kikija kuomba bima kwa ajili yako kinaweza kukataliwa. Kwa hiyo haraka uliyonayo haihusu urafiki peke yake, unataka barua na hela vifike kabla hiyo taarifa haijaandikwa, na kama imeshaandikwa basi bosi awe na kitu cha kuonyesha kwamba unalipa.

Ndo maana swali lako la "nitume barua au nisubiri hela itimie" jibu lake ni kwamba hela inatangulia, barua inafuata siku hiyo hiyo. Usisubiri itimie. Dola 6,000 kati ya 12,880 ni karibu nusu, na nusu iliyofika ina nguvu kuliko yote iliyoahidiwa. Ubaya wa kulipa vipande vipande upo, kila TT, yaani kila hela unayotuma nje kupitia benki, ina makato yake, ukituma mara tatu unakatwa mara tatu, pengine unapoteza dola mia moja na kitu kwa jumla. Mimi ningezilipa hizo bila kuwaza. Ila kama hiyo 6,000 ndo hela yote ya duka, kodi ya fremu inadai wiki ijayo na vijana hawajalipwa, tuma 5,000 ubaki unapumua, maana ukifunga duka ili ulipe kipande cha kwanza hutapata cha pili.

Kabla hujaandika neno lolote nenda benki, kwenye dawati la malipo ya nje siyo dirishani, ukaulize mambo mawili.

La kwanza ni karatasi. Mzigo ukishaingia nchini, benki kwa kawaida itataka invoisi, BL na ile TANSAD ya forodha kabla haijakutumia hela. Hapo ndipo wengi wanakwama na hawasemi kwa sauti: invoisi iliyopelekwa forodhani ilipunguzwa thamani ili ushuru uwe mdogo, sasa deni la kweli ni kubwa kuliko karatasi inavyoonyesha na benki inauliza hii ya ziada ni ya nini. Sijui kama wewe ni mmoja wao na sikuulizi. Ila kama ndivyo, usije ukaweka kwenye barua ya radhi ombi la "nitengenezeeni invoisi nyingine". Hiyo barua itakaa kwenye kompyuta ya watu milele. Hilo nenda kwa mshauri wa kodi ana kwa ana, mkae mzungumze njia ya kulirekebisha.

La pili ni tarehe. Dola haitoki Dar ikaenda Yongkang moja kwa moja, benki yako inaipitisha kwa benki mshirika, mara nyingi New York, ndo inaingia benki ya kiwanda. Sasa angalia saa: ukifika benki saa tisa alasiri, China ni saa mbili usiku wamelala au wanakula, na New York ndo kwanza saa mbili asubuhi miezi hii. Benki yetu nayo ina saa ya kufunga malipo ya siku, ukipitiliza hela inatoka kesho yake. Ukituma Ijumaa mchana unakuwa umetuma Jumatatu, na ikikutana na sikukuu ya nchi yoyote kati ya hizo tatu inasubiri. Mi huwa nawaambia watu wahesabu siku tano za kazi, ikifika kwa mbili ni bahati. Ndo maana kwenye barua unaandika tarehe ya kutuma, hiyo iko mikononi mwako. Tarehe ya kufika iko mikononi mwa watu usiowajua.

Kwenye fomu ya TT kuna kisehemu kinauliza makato analipa nani, kina maneno OUR, SHA na BEN. Vijana wa benki wakikuona kimya wanakujazia SHA, maana yake mnagawana, na benki ya katikati inakata kwenye hela yenyewe. Umetuma 6,000 inafika 5,970 na senti. Kwa mtu ambaye tayari anakuona mchelewaji, hiyo thelathini ni kama umemtania, na mtu wa fedha anabaki na kadeni kadogo ka kukudai kwenye kitabu mwezi mzima. Sema OUR, lipa makato yote wewe, na ulitaje hilo kwenye barua, ni heshima inayoeleweka bila tafsiri.

Halafu usiondoke benki bila nakala ya swifti. Siyo fomu uliyojaza wewe, siyo skrinshoti ya salio limepungua. Nilipokuwa nafanya kazi benki kwenye dawati hilo, mteja mmoja alinitukana sana kwamba benki imemwibia, alishamtumia saplaya picha ya fomu yenye muhuri wa kupokelewa, saplaya anasema hajaona kitu, wiki imekatika. Kwenda kuangalia, jina la kiwanda alilifupisha akaona ni refu mno, benki ya huko haikulitambua ikaishikilia hela. Yale majina marefu yenye mji, aina ya bidhaa na Co., Ltd mwishoni yaandike yote, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye profoma. Nakala ya swifti wengi bado wanaiita MT103 ingawa mwishoni mwa 2025 mabenki yalihamia mfumo mpya, usibishane nao majina, wewe angalia kama ina UETR, ni namba ndefu ya herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, kwa hiyo namba benki ya kiwanda inaweza kufuatilia hela imefika wapi. Hiyo ndo itakuombea msamaha kuliko kurasa mbili.

Jambo moja la kukataza kabisa hapa: usimpe hela wakala wa mtaani anayekwambia atakuingizia yuan China ndani ya saa moja kwa bei nzuri. Najua ni rahisi na najua nusu ya mtaa wako wanafanya. Lakini hela inaingia kwenye akaunti ya kiwanda kutoka kwa mtu ambaye kiwanda hakimjui, na hilo eneo la Yiwu, ambako na Yongkang ni mkoa mmoja, wafanyabiashara wamewahi kufungiwa akaunti na polisi kwa sababu ya hela za namna hiyo, zilikuwa zimepita kwa wahalifu huko nyuma. Umemchelewesha, kisha unamfungia akaunti. Hapo hakuna barua itakayosaidia. Isitoshe kiwanda kinachouza nje hurudishiwa sehemu ya VAT na serikali yao, na kumbukumbu kwamba hela imetoka nje kwa mnunuzi halali inawahusu kwenye hesabu hizo, kwa hiyo hela ya uchochoroni hata ikifika salama inawasumbua.

Sasa barua. Iandike kwanza kwa Kiswahili hivi, kisha mtu anayejua Kiingereza aigeuze mstari kwa mstari bila kuongeza pambo, na akimaliza uipitishe kwenye tafsiri ya simu kwenda Kichina na kuirudisha Kiswahili uone imebaki ilivyo. Ikirudi imepinda, fupisha sentensi iliyopinda. Tarehe andika mwezi kwa jina, usiandike 4/6, wengine watasoma Aprili.

"Kwa Mkurugenzi na Idara ya Fedha. Kuhusu invoisi namba (weka namba), balansi dola 12,880.

Tulitakiwa kuwalipa dola 12,880 tarehe 16 Aprili. Hatukulipa. Leo, 12 Mei, tumechelewa siku 26. Kosa ni letu na tunaomba radhi. Tunaomba radhi pia kwa sababu tuliwaambia 'kesho' mara nyingi na hatukutimiza.

Tuliwapa wateja wetu bidhaa kwa mkopo na wao wamechelewa kutulipa. Uamuzi huo ulikuwa wetu.

Tunalipa hivi: dola 6,000 tumetuma leo 12 Mei, nakala ya benki imeambatishwa. Dola 3,440 tutatuma 4 Juni. Dola 3,440 tutatuma 25 Juni. Makato yote ya benki tunalipa sisi. Hela zote zitatoka kwenye akaunti ya kampuni yetu yenye jina (weka jina).

Tumetuma kwenye akaunti iliyo kwenye profoma yenu ya mwanzo, inayoishia na (tarakimu nne za mwisho). Mpaka deni hili liishe hatutaomba mkopo mwingine. Oda itakayofuata tutalipa yote kabla mzigo haujatoka.

Tunaomba mtujibu kama mmekubali tarehe hizi."

Chini weka jina lako, cheo, saini na muhuri wa kampuni. Muhuri usiuone wa kizamani, kule kampuni inaongea kwa muhuri mwekundu, karatasi isiyo na muhuri ni maongezi tu. Itume kwa imeili kama karatasi iliyoskaniwa, halafu ndo umtumie yule dada WeChat na kaneno kafupi ka kwako binafsi, kwamba najua nimekuweka pabaya kwa bosi wako, samahani dada. Hapo ndo pa ubinadamu, na hapo kama unataka kumwambia mama alikuwa anaumwa mwambie, sentensi moja, kama ni kweli.

Kwa nini nimemtoa mama kwenye barua kubwa? Kwa sababu hata kama ni kweli haijibu swali la lini. Na kusema kweli watu wa mauzo kule wameshaambiwa mama wa wateja wengi sana wa Afrika wamekufa, samahani kwa lugha, yaani kila mchelewaji ana msiba. Ukiwa na msiba wa kweli unaingia kwenye foleni na waongo. Halafu kumbuka Kariakoo wafanyabiashara wa Kichina wapo kibao, bosi wako hakosi mtu wa kumwambia pita pale uone duka liko wazi au limefungwa, na wewe kwenye status umeweka mzigo mpya umeshuka. Sababu ya mali kauli ndo ya kweli na ndo ya kibiashara, kila mwenye kiwanda ameshadhulumiwa na mteja wa mkopo, anaielewa. Umeona pia nimeandika "uamuzi huo ulikuwa wetu", bila hiyo sentensi inaonekana unamwambia na wewe subiri kama ninavyosubiri mimi.

Tarehe za 4 na 25 Juni nimeziweka kwa kubahatisha hali yako, wewe zihesabu upya. Chukua daftari la mali kauli, andika kila mteja na anachodaiwa, halafu wale wanaosema "mwisho wa mwezi" hesabu kwamba nusu yao ndo wataleta. Hicho kinachobaki ndo cha kuahidi. Kama ni dola 2,000 andika 2,000 na uongeze kipande cha nne Julai. Kiwanda kinaweza kukubali tarehe ya mbali, kitanung'unika, kitakubali. Ila ukivunja tarehe uliyoandika mwenyewe, ukaipigia na muhuri, sidhani kama utapata nafasi ya kuandika barua nyingine. Na ukiona Juni 4 haifikiki, waambie Juni 1, siyo Juni 6.

Riba usiitaje kama mkataba au profoma haikuitaja. Wakiitaka wao, mzungumze. Kuna watu wanashauri umtangulizie saplaya asilimia mbili tatu za kumpoza, mi naona ni kujiongezea deni ambalo hujaliweza, heri hiyo hela iingie kwenye balansi.

Katoni 6 zinazovuja. Hizo kwenye barua hii usiziguse, ila nisikilize vizuri, usiziache pia. Ukizitaja humo, mtu wa fedha anasoma kwamba radhi yote ilikuwa utangulizi wa kukataa kulipa, hata ungesema kwa upole gani. Lakini pia usiandike maneno ya kujipendekeza kama "bidhaa zenu ni nzuri hazina tatizo lolote", maana kesho ukilalamika watakuonyesha saini yako. Ndo maana kwenye mfano wangu sijasema chochote kuhusu ubora. Leo jioni piga picha katoni zote sita, ionekane namba ya katoni na mfuniko unavuja, chukua video chupa imejazwa maji imelazwa mezani dakika chache uone maji yanatoka wapi, hesabu mbovu ni ngapi. Hela ikishathibitishwa kupokelewa, siku mbili tatu mbele, tuma kama ujumbe tofauti kabisa, na omba mifuniko ya akiba iletwe na mzigo ujao. Mifuniko haimgharimu sana, atakubali kirahisi kuliko kurudisha dola. Usijikatie mwenyewe kwenye deni. Hesabu ingekuwa tofauti kama nusu ya kontena ingekuwa inavuja na wewe ulisitisha malipo kwa sababu hiyo, hapo huombi radhi ya kuchelewa, hapo una madai, na barua kama hii ingekuumiza.

Maana barua hii siyo maneno matupu. Umekiri deni kwa maandishi na saini. Kwa sheria yetu ya ukomo wa madai, deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, na ukikiri kwa maandishi uliyosaini hesabu inaanza upya tangu siku ya kukiri. Kwako haina shida kwa sababu unadaiwa kweli na unataka kulipa, ila hakikisha namba unayoikiri ndo yenyewe. Toa profoma, toa swifti ya ile advansi ya dola 5,520, jumlisha uone inakuja 18,400. Mtu mmoja alikiri balansi nzima akasahau kwamba alishatuma dola elfu mbili kwa ajili ya sampo na mold, miezi miwili walikuwa wanavutana na barua yake mwenyewe.

Kitu cha mwisho na ndo kinachonitisha kuliko vyote. Wezi wa imeili wanapenda sana mtu aliye kwenye hali yako. Wanaingia kwenye imeili ya kiwanda au ya kwako, wanasoma kimya kimya, wanasubiri siku utakayosema "nalipa". Kesho yake unapata ujumbe, imeili inayofanana kabisa au imebadilishwa herufi moja, na ujumbe huo unasema tumepokea radhi yako, asante, ila akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, balansi tuma kwenye hii nyingine. Mtu asiye na hatia angeuliza. Wewe una aibu, unaogopa kuwasumbua tena, unatuma. Hela imeondoka na deni liko pale pale. Ndo maana nimekuwekea ule mstari wa akaunti ya profoma ya mwanzo. Akaunti ikibadilika, hata ya Hong Kong ambayo viwanda vingi wanayo kweli, mpigie dada wa mauzo kwa video, uone sura unayoijua, akusomee tarakimu kwa mdomo, na wakupe barua yenye muhuri. Usithibitishe kwa kujibu imeili hiyo hiyo, utakuwa unamuuliza mwizi. Na ukigundua umeshatuma kusiko, usianze kuandikiana, kimbia benki saa hiyo hiyo waombe kuirudisha, kila saa inayopita nafasi inapungua.

Kama kabla ya barua yako kufika utakuwa umepokea kitu kutoka kwa wakili, au kampuni ya kukusanya madeni, au mtu anajitambulisha anatoka kwenye bima, usiisaini barua hii. Chukua makaratasi yote uende kwa wakili mwenye kujua mikataba ya biashara, na huyo anayekudai mwulize kiwanda chenyewe kama wamemtuma kweli na hela ilipwe akaunti ipi. Hivyo hivyo kama kiwanda kinasema deni ni kubwa kuliko hesabu yako, au kama kampuni imesajiliwa kwa jina la mume na wewe ndo unasaini. Hayo siwezi kukujibu vizuri kwa kuandika.

Ukimaliza kipande cha mwisho Juni, waombe kakaratasi kenye muhuri kanakosema invoisi hiyo imelipwa yote na balansi ni sifuri. Wanatoa bila shida, ila lazima uombe.